Barua ya wazi kwa Mwanasheria wa Serikali Mfawidhi: mfuko uliofika kituoni kabla ya kukamatwa

Ndugu Mfawidhi,

Salaam. Mimi ni wakili wa kujitegemea. Mteja wangu ameachiwa huru hivi karibuni katika kesi ya bhangi iliyoletwa na ofisi yako. Kilichoiangusha kesi hiyo kilikuwa jaladani tangu siku ya kwanza.

Askari aliyepekua alieleza kwamba saa 4 usiku alikuta mfuko wa salfeti wenye kilo 3 za bhangi. Hati ya ukamataji mali inasema 22:00. Wakili kijana ninayefanya naye kazi aliirukia tofauti hiyo kama ameokota dhahabu. Nikamzuia, maana saa 4 usiku yetu ndiyo hiyo 22:00. Ukinzani wenyewe ulikuwa kwenye rejesta ya vielelezo ya kituo: mfuko ulipokelewa saa 3:35 usiku. Yaani uliwasili dakika 25 kabla ya kukamatwa!

Utasema mtunza vielelezo aliteleza kalamu. Inawezekana, ndiyo maana nikasoma mstari wa juu na wa chini yake, kwa kuwa rejesta hujazwa kwa mfuatano. Kielelezo kilichotangulia kiliingia saa 3:10, kilichofuata saa 3:50. Saa 3:35 imekaa mahali pake. Kama kuna aliyekosea, si yeye.

Uzito nao ulitofautiana, kwani Mkemia alipata kilo 2.4. Hapo sikupoteza muda. Askari alikiri kwamba alikadiria kwa mkono bila mizani, na bhangi mbichi ikikaa stoo hukauka na kupungua. Ungekuwa umeongezeka, ningeuliza nani aliufungua mfuko.

Katika shauri la Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilishasema kwamba safari ya kielelezo, tangu kukamatwa, ionekane katika maandishi kwa mfuatano wa wakati. Basi naomba hivi: kabla jalada halijaenda mahakamani, mwanasheria wako achukue karatasi moja, aandike kila saa, tarehe na idadi iliyotajwa na shahidi, na pembeni yake kile kinachosemwa na hati, rejesta na ripoti ya Mkemia, saa zote zikiwa za mtindo mmoja.

Akikuta ukinzani, asimrudishe askari kuandika upya maelezo yanayolingana. Askari aandike maelezo ya nyongeza yenye tarehe, aeleze tofauti imetoka wapi, na yale ya kwanza yabaki.

Katika kesi yetu yalitokea maelezo ya pili, hayana tarehe, yakidai upekuzi ulifanyika saa 3 kamili usiku. Yalipatana vizuri na rejesta, lakini yakagombana na hati ya 22:00, ambayo mjumbe alikuwa ameshaisaini.

Wako,
Wakili wa utetezi