Mama amepungua kilo 8, ndugu wanasema ni uzee

Daktari, shikamoo. Naomba ushauri wako kuhusu mama yangu mzazi, mwenye miaka 76, anayeishi Rombo na binti wa kaka yangu. Ana kisukari na huhudhuria kliniki kila mwezi, kwa hiyo uzito wake umeandikwa kwenye kadi: Januari kilo 61, Aprili 58, Agosti 53. Hajajinyima kula wala hajabadilishiwa dawa.

Shangazi anasema mtu mzima lazima akauke, tumwache apumzike. Daktari wa kituo cha afya hakubaliani naye. Alinieleza kwamba mzee akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia, sababu itafutwe. Kwa mama hizo ni kama kilo 3 tu, na alishazifikia Aprili.

Swali lake la kwanza lilikuwa: anakula kama zamani na bado anapungua, au anakula kidogo? Alisema anayekula vizuri huku anakonda huchunguzwa zaidi sukari iliyopanda au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Anayekula kidogo anaweza kuwa amepoteza hamu kwa sababu ya dawa, huzuni, kifua kikuu, figo au saratani. Au hamu anayo, ila chakula hakipiti. Sukari ya mama ilikuwa sawa, makohozi hayakuonyesha kifua kikuu, kipimo cha virusi vya ukimwi hakikuonyesha kitu, ila damu ilikuwa imepungua kidogo. Metformin, dawa yake ya kisukari, nayo hukata hamu, lakini ameinywa miaka mingi kwa kiwango kilekile.

Kwa hiyo nilikwenda kukaa naye, nikamwangalia anavyokula. Njaa anasikia, na chakula anakiomba mwenyewe. Akishatafuna tonge la kiburu analimeza, anasimama, anaweka kiganja katikati ya kifua, anapiga funda la maji, anasubiri, ndipo anachukua jingine. Baada ya matonge machache anasukuma sahani na kusema ameshiba. Mjukuu wake akaniambia kwamba tangu Pasaka bibi ameacha nyama, kisha kiburu akawa anakigusagusa tu, na sasa anataka mtori, tena uwe mwepesi. Mama mwenyewe hakuwahi kulalamika. Alikuwa akibadilisha chakula taratibu, na sisi tukidhani amechagua vyakula vya kizee.

Niliporudi na maelezo hayo, daktari aliacha habari za hamu. Alisema chakula kigumu kikianza kukwama, kisha kile laini, maana yake njia ya chakula inazidi kuwa nyembamba. Inaweza kuwa kovu la kiungulia cha muda mrefu, lakini kwa umri wake, na kwa huku kwetu Afrika Mashariki ambako saratani ya umio si ngeni, ni lazima njia hiyo itazamwe kwa mpira wenye kamera. Alitaka ifanyike ndani ya wiki chache, akaandika rufaa. Akaonya pia kwamba akishindwa kumeza hata maji au mate, akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akipaliwa kila anapomeza, tusingoje tarehe, twende siku hiyohiyo.

Hapo ndipo tulipokwama. Kaka anasema meno ya nyuma yameisha, tumtengenezee ya bandia kwanza. Meno yameisha kweli, lakini mimi naona tonge linakwama chini ya koo, likiwa limeshatafunwa. Mama naye anaogopa mpira. Anasema, "Mwanangu, wakinipasua kifua sitarudi nyumbani," ingawa hakuna aliyetaja kupasua.

Naomba unisaidie haya. Je, mzee wa umri huu mwenye kisukari anastahimili kipimo hicho, na hupewa dawa gani ya kumpunguzia usumbufu? Akikataa kabisa, picha ya eksirei ya kumeza dawa nyeupe inatosha kwa kuanzia, au itatupotezea muda tu? Wakati tunasubiri, nimwongezee nini kwenye mtori apate nguvu: maziwa, parachichi, karanga za kusaga?

Na hili linanitia hofu zaidi: pamoja na metformin anakunywa glibenklamidi, nayo ya kushusha sukari, asubuhi, kwa kiwango cha zamani alipokuwa akila sahani nzima. Juzi alfajiri alitokwa jasho na kutetemeka, akatulia alipopewa chai yenye sukari. Kliniki yake ni wiki ijayo. Je, nimpeleke kesho kituoni wampime na kupanga dawa hiyo upya, au nisubiri siku ya kliniki?

Binti wa Rombo