YAH: MALALAMIKO KUHUSU RIPOTI ZINAZOSEMA "DELIVRD" KWA MESEJI AMBAZO HAZIKUFIKA

Ifakara, Morogoro
3 Juni 2024

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Naandika kwa niaba ya chama chetu cha akiba na mikopo, ambacho hununua kwenu meseji za jumla za kuwajulisha wanachama marejesho, faini na mikutano. Nimekwisha kulifikisha jambo hili kwa simu na kwa barua pepe, na kila mara nimejibiwa kwamba ripoti inaonesha meseji imefika, hivyo tatizo liko kwenye simu ya mwanachama. Jibu hilo silikubali. Naomba barua hii isomwe na mtu wenu wa ufundi, si wa kupokea simu peke yake.

Nianze na mwanachama aliyeumia. Ni mama anayeuza mchele sokoni hapa Ifakara. Tarehe ya rejesho lake ilikuwa 20 Mei. Bodi ikaisogeza hadi 16 Mei kwa wakopaji wote wa kundi lake, na taarifa ikatumwa kwa meseji asubuhi ya Jumanne, 14 Mei. Mama alikuja kulipa tarehe 20 kama alivyozoea, akakuta ameandikiwa faini. Alipopinga, bodi ilitoa ripoti yenu mezani:

```
id:0481726359 sub:001 dlvrd:001 submit date:2405140912 done date:2405140912 stat:DELIVRD err:000 text:Ndugu mwanachama, re
```

Kwa maandishi hayo, meseji ilipokelewa kwenu saa 3:12 asubuhi na ikafika kwenye simu yake dakika hiyohiyo. Mama akaambiwa mbele ya wenzake kwamba anadanganya. Lakini simu yake ilikuwa kwa fundi tangu Jumatatu, betri imetolewa, laini ikiwa ndani ya simu hiyohiyo, na daftari la fundi linaonesha aliichukua Alhamisi jioni. Sasa meseji hiyo ilipokelewa na nini?

Mnajua kuliko mimi jinsi meseji inavyofikishwa, ila naieleza kwa sababu nakala ya barua hii inakwenda kwa bodi. Meseji ikitoka kwenu inapaswa kuingia kwenye kituo cha meseji cha mtandao husika. Kituo huuliza kwanza daftari kuu la wateja la mtandao: namba hii ipo? Na kwa sasa inahudumiwa na mtambo upi? Kikipata jibu, kinaipeleka meseji kwenye mtambo huo, nao unaifikisha kwenye simu kupitia mnara. Simu ikishaipokea hurudisha ithibati yake yenyewe, bila mwenye simu kubonyeza chochote. Ithibati hiyo ndiyo inayokipa kituo haki ya kuandika DELIVRD. Simu ikiwa imezimwa hakuna wa kuithibitisha, kwa hiyo kituo huiweka meseji na kujaribu tena mpaka muda wake wa kusubiri uishe. Sisi tumeweka saa 24. Kwa simu iliyozimwa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi jioni, ripoti ya kweli ya meseji ya Jumanne ilitakiwa kusomeka EXPIRED.

Nakubali kwamba si kila anayesema "sikupata" ameonewa na ripoti. DELIVRD ya kweli inathibitisha kuwa simu imepokea, haithibitishi kuwa mtu amesoma. Tulipopitia malalamiko ya wanachama mmoja mmoja tulikuta mwenye simu janja ambayo programu yake ya meseji ilizipeleka taarifa zetu kwenye sehemu ya zilizozuiwa, na huko tukazikuta zote. Tulikuta pia mwanachama aliyeacha kutumia laini yake muda mrefu, mtandao ukampa mtu mwingine namba ile, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akipokea habari za mkopo usio wake. Hao wawili ripoti zao zilikuwa sahihi na tumeyamaliza ofisini kwetu. Siwadai ninyi kwa makosa ya aina hiyo.

Afisa wenu alinitajia sababu nyingine, kwamba huenda nafasi ya meseji kwenye simu ya mama ilikuwa imejaa. Sababu hiyo haiwezi kusimama pamoja na ripoti yenu. Simu iliyojaa hukataa meseji na kurudisha kosa linalosema haina nafasi, na kituo hukaa kikisubiri hadi simu ijulishe kuwa nafasi imepatikana. Simu iliyojaa haitoi DELIVRD. Kama mnashikilia kwamba ilijaa, basi mnakiri kuwa ripoti si ya kweli.

Kwa kuwa mngeweza kusema fundi aliitoa laini akaiweka kwenye simu nyingine, tuliamua kupima wenyewe kwa laini za ofisi, mbele ya mjumbe wa kamati ya usimamizi. Laini ya kwanza ilikuwa kwenye simu iliyowashwa. Ya pili tuliitoa kwenye simu, tukaifungia kwenye bahasha na kuiweka kasikini. Ya tatu ni namba ya zamani ya ofisi ambayo tuliifunga. Kabla ya kutuma tuliipigia, na mtandao ukajibu kuwa namba hiyo haipo. Tulituma maneno yaleyale kwa zote tatu, chini ya herufi 160 na bila alama yoyote ngeni, ili meseji isikatwe vipande na mtu akaja kusema kipande kimoja ndicho kilichopotea.

Zote tatu zilirudi DELIVRD, err:000, ndani ya dakika moja.

Laini iliyo kwenye bahasha haina njia ya kuthibitisha mapokezi. Nilifikiria kwa haki maelezo mengine: ipo mitandao inayopitisha meseji kwenye kichujio chake cha ulinzi, na kichujio kinaweza kujibu "imepokelewa" kwa niaba ya simu kabla simu yenyewe haijafikiwa. Hilo lingeweza kuieleza laini ya pili. Haliwezi kuieleza ya tatu. Kwa namba isiyokuwepo, daftari la wateja lingejibu tangu swali la kwanza kwamba mteja huyo hajulikani, na ripoti ingekuwa UNDELIV pamoja na namba ya kosa. Mtandao hauwezi kuthibitisha mapokezi ya mteja ambaye hayumo kwenye daftari lake. Kwa hiyo DELIVRD ile haikuandikwa na mtandao. Iliandikwa na mtu au mtambo uliokaa kati yenu na mtandao, au na mtambo wenu wenyewe.

Simu iliyowashwa ilitupa dalili nyingine. Meseji ilifika, lakini haikubeba jina la chama tulilolisajili na tunalolilipia. Ilitoka kwenye namba ya kawaida ya simu ya mkononi ambayo hatuijui. Meseji iliyopita njia halali ya kampuni hadi kituo cha mtandao hubeba jina la mtumaji. Ikifika na namba ya mtu binafsi, maana yake imetumwa kutoka kwenye laini ya kawaida, na wanaotuma kwa wingi kwa namna hiyo hutumia simboksi, yaani kifaa kinachobeba laini nyingi kwa pamoja. Njia hiyo ni rahisi kwa sababu haimlipi mwenye mtandao bei ya meseji za kibiashara. Mtandao ukizigundua laini hizo huzifunga, na meseji zilizokuwa zikisubiri humo hupotea. Mwenye simboksi halipwi kwa meseji zilizopotea, hivyo anarudisha DELIVRD kwa kila alichopokea. Sisemi kwamba ninyi ndio mwenye kifaa hicho. Nasema mmenunua njia kutoka kwa mtu, na ripoti mnayotuuzia ni ya mtu huyo.

Mngeweza kuligundua jambo hili bila sisi, kwa kutazama muda tu. Wanachama wetu wengi ni wakulima wa mpunga bonde la Kilombero, na wakiwa mashambani kuna wasioshika mtandao mpaka warudi nyumbani jioni. Ripoti za kweli za watu kama hao huwa zimetawanyika: nyingi ni za dakika hiyohiyo, nyingine zinaingia baada ya saa kadhaa, chache zinaisha na EXPIRED, na haikosekani UNDELIV kwa namba zilizofungwa. Nimepakua kwenye dashibodi yenu ripoti zetu zote za mwezi Mei. Kila mstari ni DELIVRD, na kila done date iko ndani ya dakika moja ya submit date yake. Msimu wa mavuno, wanachama wetu wote hawawezi kuwa na simu zilizowashwa na zenye mtandao kila tunapotuma. Ukamilifu huo ndio uliotakiwa kuwashtua.

Hasara yetu si bei ya meseji peke yake. Bodi imetoza faini na kumwita mwanachama mwongo kwa kutegemea karatasi yenu. Aidha, meseji zetu zina majina, salio na madeni ya watu, na inaonekana zimepitia mikononi mwa wasiojulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatubana sisi kama wakusanyaji wa taarifa hizo, nanyi inawagusa kama mnaozichakata kwa niaba yetu.

Tunachohitaji kwanza ni kumbukumbu ghafi ya meseji ya mama huyu na ya zile tatu za majaribio: namba ya utambulisho iliyotolewa na kituo cha mtandao wenyewe, si yenu, na majibu ambayo kituo hicho kilirudisha. Meseji ikiwa haikuwahi kuingia kwenye kituo hicho, namba hiyo haitakuwepo, nanyi mtuandikie hivyo kwa maneno ya wazi. Mtutajie pia ni kampuni gani ziko kati yenu na kila mtandao kwenye njia tunayolipia, na kuanzia sasa meseji zetu zipite njia ya moja kwa moja, hata kama bei itapanda. Tuko tayari kuilipa.

Kisha tunahitaji barua yenye muhuri wenu inayosema kwamba ripoti namba 0481726359 si ushahidi wa meseji kupokelewa. Bodi inakutana 20 Juni kujadili rufaa ya mama huyu, na bila barua hiyo faini itabaki. Malipo ya meseji za mwezi Mei tutayazungumza baada ya hapo.

Bahasha yenye laini ya pili bado imefungwa, na saini ya mjumbe wa kamati iko juu yake. Mnakaribishwa kumtuma mtu wenu turudie jaribio pamoja, kwa namba mtakazochagua ninyi. Tusipopata majibu ya maandishi kabla ya 17 Juni, tutawasilisha malalamiko haya TCRA pamoja na ripoti zote za Mei.

Wako katika kazi,

Msimamizi wa Mifumo ya Kompyuta
kwa niaba ya Meneja wa Chama

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi, mwanachama mhusika
Viambatanisho: ripoti za Mei 2024, picha ya daftari la fundi, muhtasari wa jaribio uliosainiwa