Shukrani kwa dada wa boti ya Mokowe

Dada uliyevaa buibui, tuliyepanda nawe boti kutoka Lamu, jina lako sikuliuliza. Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Udenda ulimtoka, watu wakamkodolea macho, na dadake wa miaka tisa akahamia mwisho wa boti. Nilitaka kumkaripia. Wewe ukamfuata, ukamuuliza habari zake yeye, si za kakake. Ndipo akakunong'oneza jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba alinirukia tumboni nilipokuwa mjamzito, na ndiyo sababu kakake hatembei. Yaa Rabi, miaka yote hiyo! Ukamweleza kwamba si yeye aliyemuumiza, na kwamba hali ile haiambukizi. Ukampa na la kuwajibu watu: "Ni kakangu, misuli ya mdomo wake haimtii."

Nami ukaniambia nisimfanye binti yangu yaya wa kakake, nimpe dakika 15 kila siku zake peke yake. Sasa baada ya magharibi bibi humshika kaka, nami namsuka nywele barazani. Siku nyingine husema anamwonea haya kakake. Simkemei tena, namsikiliza. Mola akulipe, dada yangu.