Ng'ombe huumia kabla lori halijaondoka mnadani

Mhariri,

Kwa miaka 14 nimekuwa nikinunua ng'ombe minadani Lyantonde na kuwapeleka kuchinjwa Kampala, safari ya karibu kilomita 200. Nyama ikionekana imevilia damu, watu hulaumu barabara. Mimi nasema wengi huumizwa wakati wa kupakia.

Mnada ninaonunulia hauna rampu. Lori hurudishwa nyuma hadi kwenye tuta la udongo, na kati ya tuta na sakafu ya lori hubaki pengo. Mwezi uliopita fahali mmoja mwekundu aliliona pengo hilo akagoma. Vijana wakamsokota mkia na kumchapa mgongoni. Aliporuka, mguu wa nyuma ulizama pengoni na nyonga ikagonga nguzo ya mlango. Wenzake 17 wakapanda kwa kusukumana, pembe ndefu za Ankole zikichomana mbavuni.

Machinjioni, ngozi ilipotoka, yote yalionekana. Mistari myekundu mgongoni ni ya fimbo, madoa ya mbavuni ni ya pembe. Nyongani kwa fahali yule damu mbichi ilikuwa imetanda, na mchinjaji akakata kilo saba akatupa. Jeraha la siku nyingi huanza kuwa la njano. Hili lilikuwa jekundu, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kumlaumu mfugaji. Nyama yake pia ilikuwa nyeusi na ya kunata, kwa sababu ng'ombe aliyehangaika sana humaliza sukari ya misuli kabla ya kuchinjwa. Nyama ya namna hiyo huoza mapema, na wenye bucha huikataa.

Safari iliyofuata nilikwenda na rampu ya mbao. Sakafu ya lori langu iko mita 1.2 kutoka chini, hivyo niliifanya rampu iwe na urefu wa mita 4 ili mwinuko uwe mdogo. Nilipigilia vipande vya mbao kila sentimita 30 kwato zisiteleze, nikaziba pande zote mbili ng'ombe wasione watu, na nikamwaga mchanga ndani ya lori. Tuliwapandisha watano watano, mafahali wakitengwa kwa kizuizi.

Fimbo tuliziweka chini. Mtu akisimama nyuma kabisa, ng'ombe hamwoni, naye hugeuka kumtafuta. Asimame ubavuni, nyuma kidogo ya bega, kisha asogee hatua moja: ng'ombe atakwenda mbele. Akishaanza kutembea, mtu arudi nyuma, amwache.

Machinjioni hapakuwa na nyonga hata moja iliyovilia damu. Wawili walikuwa na alama za pembe, maana rampu haiondoi pembe.

Wasimamizi wa mnada hututoza ushuru kwa kila ng'ombe. Naomba sehemu ya fedha hizo ijenge rampu ya mawe na saruji. Yangu huwaazima wenzangu, lakini siku ya mnada malori hufika hata 20, na ikifika saa nane mchana wengi wamesharudi kwenye tuta.

Mfanyabiashara wa ng'ombe,
Lyantonde