Barua ya wazi kwa mdogo wangu: slaidi ya pili imerudia ya kwanza, na chupa ya chumvi umeizika

Mdogo wangu,

Drafti yako nimeipata Jumapili usiku, zile slaidi tisa za karuseli yako ya Instagram kuhusu kukausha mahindi, ulizotuma WhatsApp na voisi ya "angalia tu haraka kama iko sawa, kesho naposti". Haraka sikuangalia. Mara ya kwanza nilizipitia ndani ya taksi imekwama pale Bwaise, mara ya pili nikiwa nimetulia nyumbani na karatasi na kalamu, na zote mbili nilipotelea palepale. Nakujibu hapa wazi kwa sababu wewe ni mtu wa tatu mwezi huu kunitumia karuseli yenye ugonjwa huohuo. Jina lako silitaji, utajijua tu.

Nianze na slaidi ya kwanza maana hiyo sitaki uiguse. "Mahindi yako unayosema yamekauka, hayajakauka." Na picha ya mzee anauma punje kwa jino. Hapo umenishika, kwa sababu kila mtu aliyekulia Bweyale au Kigumba ameona hiyo, baba anaokota punje juu ya turubai, anaiuma, inalia ka! anasema basi, jaza kwenye magunia. Umemchokoza mtu kwenye kitu anachokiamini, kwa hiyo anaswaipu kuja kukubishia, na ndiyo kazi ya ndoano.

Sasa anaswaipu anakuta nini? "Je, unajua kuwa wakulima wengi huhifadhi mahindi ambayo hayajakauka vizuri?"

Si umeshamwambia! Maneno umebadilisha, habari ni ileile, yaani mtu amegonga mlango umemfungulia halafu sebuleni anakutana na mlango mwingine. Na kibaya zaidi umeilegeza. Slaidi ya kwanza ilisema mahindi YAKO, ya pili inasema wakulima wengi, basi yule uliyemkasirisha anashusha pumzi, ah kumbe ni wakulima wengi, si mimi, anaendelea na mambo yake. Ile hasira ndogo ndiyo ilikuwa inamvuta na wewe mwenyewe umeizima.

Najua utaniambia nini. Utasema Instagram ikimwonyesha mtu karuseli na asiposwaipu, baadaye inaweza kumrudishia ileile ikianzia slaidi ya pili, kwa hiyo na ya pili lazima iwe na ndoano. Ni kweli hiyo, wakuu wa Instagram wenyewe wamelisema. Lakini fikiria vizuri huyo anayerudishiwa ni nani. Ni mtu aliyeiona ndoano yako ya kwanza akaipita. Sasa unamletea ileile tena, tena iliyopoa, kwa nini safari hii asimame? Slaidi ya pili inatakiwa isimame peke yake bila kuhitaji ya kwanza, NA impe kitu kipya yule aliyetoka ya kwanza. Ukiweza moja tu kati ya hayo mawili bado hujamaliza. Namna ya kupima ni rahisi, ziba slaidi ya kwanza kwa kiganja, soma ya pili kama hujawahi kuona kitu, uliza inaeleweka? Halafu fungua ya kwanza, soma zote mbili kwa sauti, uliza nimeongezewa nini? Ya kwako inapita swali la kwanza na kuanguka la pili.

Mimi ningeandika hivi: "Jino linajua ugumu tu. Chukua chupa kavu na chumvi, zitakuambia unyevu." Ona, aliyekuja kubisha amepewa sababu kwa nini jino linamdanganya, na ambaye hajaona ya kwanza anabaki anajiuliza chupa na chumvi vinafanyaje kazi hiyo. Hapo ataswaipu.

Haya, tuje katikati, ambako ndiko nilipotea.

Nilichukua karatasi nikaandika kila slaidi kwa sentensi moja, yangu si yako, nini hasa imeniambia. Ya tatu, mahindi mabichi yanaota ukungu na ukungu unaleta sumu ya aflatoksini. Sawa. Ya nne, Kenya ilizuia mahindi yetu ya Uganda Machi 2021, na mwaka 2004 huko Kenya watu 125 walikufa kwa sumu hiyo. Ya tano, nunua mifuko isiyopitisha hewa. Ya sita, namna ya kupatana bei na broka. Ya saba, kipimo cha chumvi. Ya nane, kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Ya tisa, nifolo.

Umeona ilipokatika? Mpaka ya tatu bado tunazungumzia unyevu. Ya nne unaanza kuniogopesha, mambo ni ya kweli na makubwa, lakini wakati huo mimi nimeshaogopa, nataka kujua nifanye nini usiku huu na yale magunia yaliyoko stoo. Ya tano umeruka kwenye kuhifadhi, ya sita uko sokoni kabisa. Halafu ya saba, ghafla, chupa ya chumvi, maneno 94 (niliyahesabu) kwa herufi ndogo ambazo kwenye simu yangu ilibidi nivute kwa vidole viwili. Hicho ndicho kitu pekee kwenye karuseli nzima ambacho mtu anaweza kukifanya leo bila kununua chochote, na umekiweka nyuma ya broka!

Kuhusu broka nafikiri najua kilichotokea, ulikuwa na habari mbili nzuri ukaona zote zinahusu mahindi basi zitakaa pamoja. Hapana. Toa broka, mtengenezee karuseli yake wiki ijayo, anastahili.

Lakini slaidi ya tano siyo ya ladha tu, hiyo ina hatari, na hapa nisikilize vizuri. Ile mifuko isiyopitisha hewa inaua dumuzi kwa kuwanyima hewa, kazi yake ni hiyo. Haikaushi. Punje ikiingia na unyevu, unyevu unabaki humohumo, hauna pa kutokea, na mahindi yanaharibika ndani ya mfuko wa gharama. Wewe umeweka mfuko slaidi ya tano na kipimo slaidi ya saba, kwa hiyo mtu akiishia ya tano, na wengi wataishia hapo kwa sababu hapo ndipo uzi ulipokatika, ataondoka na ushauri wa kufunga mahindi ambayo ulimwambia mwanzoni kabisa kwamba hayajakauka. Tena watu wetu wanasomaje? Wakulima wenyewe Instagram hawapo sana, wapo watoto wao, na Facebook hapa Uganda ilifungwa Januari 2021 watu wakawa wanaingia kwa VPN, kwa hiyo kitu kinapigwa skrinishoti moja kinatumwa WhatsApp kwa mama kijijini. Moja, si tisa. Jiulize mama akipata hiyo ya tano peke yake atafanya nini.

Kwa hiyo mfuko uende mwisho, baada ya kipimo, na sharti liandikwe juu yake hapohapo kwa herufi kubwa: chumvi ikishika chupa, usifunge.

Na kipimo chenyewe kisikae kwenye slaidi moja. Kigawe tatu, kila moja na picha ya mkono ukifanya kitu kimoja. Ya tatu iwe ya kuandaa: chupa ya kioo, safi, kavu kabisa, na chumvi kavu. Hapa usipite haraka kama ulivyopita, kwa sababu hapa ndipo watu wanakosea. Chumvi iliyokaa jikoni wazi imeshanyonya unyevu wa hewa, ukiitumia hivyo itashika chupa hata kama mahindi ni makavu, na mtu ataanika siku nyingine za bure halafu aseme kipimo chako ni cha uongo. Aianike juani kwanza mpaka iwe ngumu, aipondeponde. Chupa pia, tone moja la maji linaharibu kila kitu.

Ya nne: tia mahindi mpaka kama robo au theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, acha itulie dakika 15. Ya tano ni kusoma jibu, na hiyo ifanye picha mbili pembeni kwa pembeni, chupa moja chumvi imeganda ukutani, nyingine imeshuka yote chini. Ikiganda, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Ikishuka, uko chini ya 15.

Halafu ya sita, ambayo wewe hukuiweka kabisa, useme ukweli wa mipaka yake. Chini ya 15 siyo mwisho wa safari, kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, na chupa haiwezi kukuonyesha tofauti kati ya 14 na 13, hiyo inataka mashine ya kupima unyevu. Kwa hiyo chumvi ikishuka aendelee kuanika bado, juu ya turubai si juu ya udongo, asikimbilie kufunga. Na aambiwe wazi kwamba chumvi inapima unyevu tu, sumu haioni, mahindi yaliyokwisha kuota ukungu hayawi salama kwa sababu yamekauka. Habari ya ukungu uliyoiweka ya tatu inaingia hapa, mistari miwili inatosha. Kenya ya 2021 ipeleke kwenye kapsheni, watakaotaka kujua zaidi watasoma.

Ya saba mfuko na sharti lake. Basi, saba. Uti wa mgongo wa taifa futa, hakuna mtu aliyewahi kukausha gunia kwa hiyo sentensi. Na "nifolo" usiipe slaidi nzima, badala yake chini ya ile ya chupa mbili andika "mtumie aliyeko shambani", maana hiyo ndiyo slaidi inayostahili kupigwa skrinishoti.

Picha ya chupa usiichukue Canva. Najua mama ana chupa ya soda ya kioo pale kwenye kabati, na mahindi ya Julai bado yapo, fanya mwenyewe upige kwenye mwanga wa mlangoni, hata ikishika chumvi vizuri tu, ndiyo picha tunayoihitaji, ila hapo mwambie mama asiyafunge.

Kesho usiposti. Nitumie slaidi ya pili peke yake kwanza, bila ya kwanza, nitampa jirani yangu asome, yule ambaye hana hata mche mmoja wa mahindi, nione atauliza nini.

Dada yako