Moto ukianza koridoni usiku, utatokea wapi?

Wateja wengi wanaokuja karakanani kwetu hapa Buguruni wanataka grili nzito. Wanagonga nondo kwa kidole, wanauliza ni ya milimita 10 au 12, wanaomba tubananishe nafasi ili mkono usipite. Sisi nasi kwa miaka mingi hatukuwauliza kitu, maana grili isiyofunguka ndiyo rahisi kutengeneza: unapima, unachomelea, unaifunga ukutani, unalipwa, unaondoka.

Kilichotubadilisha ni nyumba moja ya kupanga tuliyoitwa kurekebisha geti. Vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati, mlango wa mbele unatazama mtaani na wa nyuma unatokea uani kwenye choo na jiko. Kazi ilituchelewesha hadi saa nne usiku, tukaishuhudia nyumba inavyojiandaa kulala. Pikipiki mbili za bodaboda zikaingizwa ndani, zikaegeshwa nyuma ya mlango wa mbele, petroli imo tangini. Mama mwenye nyumba akapiga kufuli mlango wa uani, ufunguo akalala nao. Katikati ya korido kulikuwa na friji ya mpangaji mmoja, imechomekwa kwenye ekstensheni ileile inayochajia simu za nusu ya nyumba. Plagi yake ilikuwa imebadilika rangi, kahawia kama ukoko wa wali. Na kila dirisha lilikuwa na grili iliyochomelewa moja kwa moja. Mbili kati ya hizo tulizitambua, zilitoka kwetu.

Fikiria sasa ile plagi ishike moto saa nane usiku. Korido ndiyo njia pekee ya kutoka vyumba vyote sita, na ndiyo inayoungua. Kuta za ndani za nyumba hiyo, kama nyumba nyingi za hapa mjini, hazijafika hadi kwenye bati, kwa hiyo moshi unapanda, unavuka juu ya kuta na kushuka vyumba vyote, hata cha yule aliyefunga mlango wake vizuri. Moto ukifika kwenye godoro la sponji, unaanza moshi mwingine mweusi wenye sumu. Moto wa usiku huua zaidi kwa moshi, na aliyelala anaweza asiamke kabisa. Anayeamka ana dakika chache tu, na humo anatakiwa atafute ufunguo ulio chumba cha mtu mwingine.

Kwa hiyo siku hizi tunauza grili yenye mlango, na hata iliyokwisha kufungwa tunaweza kuitoboa bila kuing'oa. Tunakata kipande kwa grinda, tunakizungushia fremu ya fleti baa, tunaweka bawaba na komeo. Uwazi wenyewe hatushuki chini ya sentimita 50 kwa upana na 75 kwa urefu. Mtu mzima anapita hapo, na anaweza kumpitisha mtoto kwanza. Ukingo wa chini usizidi kama mita moja na sentimita 10 kutoka sakafuni. Ukiwa juu zaidi, sogeza stuli au sanduku gumu chini ya dirisha na liache hapohapo.

Kosa tulilolifanya mwanzoni lilikuwa kwenye madirisha ya alumini ya kuteleza. Dirisha la sentimita 120 lenye vioo viwili halifunguki lote. Linafunguka nusu, na ukitoa fremu unabakiwa na kama sentimita 55. Tulimwekea mteja mmoja kilango kizuri upande wa kioo kisichosogea. Akikifungua anakutana na kioo! Tulirudi kukihamisha bure. Tangu hapo tunaomba kwanza mtu atufungulie dirisha tulione, na wavu wa mbu uwe wa kuteleza pia, sio wa kupigiliwa misumari.

Kila mteja huuliza, na ana haki: mwizi si ataingiza mkono afungue? Komeo tunaliweka ndani ya kiboksi cha bati kilichofunikwa upande wa nje, likiwa mbali na kioo kinachofunguka. Bawaba tunazichomelea pini ili zisigongwe zikatoka. Kabla hatujalipwa, fundi mmoja anatoka nje na waya uliokunjwa na kujaribu kuiba. Akifaulu, tunaanza upya. Ukitaka kufuli badala ya komeo tutakuwekea, lakini ufunguo uning'inie kwenye msumari karibu na dirisha, mahali unapoufikia gizani, sio ndani ya mkoba wa mama. Kilango kifunguke kwenda nje, kwa sababu ndani mara nyingi kuna kitanda.

Katika nyumba ile tulitengeneza vilango vinne. Vyumba viwili vya upande wa kushoto vimebanana na ukuta wa jirani, mtu akiruka hana pa kwenda. Kwa hao dawa ilikuwa mlango wa uani: tulitoa kufuli, tukaweka komeo zito la ndani ambalo yeyote anavuta na kutoka. Pikipiki zikahamia uani, zikafungwa mnyororo kwenye nguzo, mbali na mlango. Friji ikapata soketi yake ukutani, kazi tuliyomwachia fundi umeme. Mpangaji ukitaka kazi kama hii, zungumza kwanza na mwenye nyumba na mwandikishane kama gharama itakatwa kwenye kodi.

Sokoni tatizo ni tofauti kidogo. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na soko la Karume tarehe 16 Januari 2022, siku ya Jumapili alfajiri. Saa kama hizo wanunuzi hawapo, lakini sokoni hubaki walinzi, na wapo wafanyabiashara wanaolala juu ya mzigo huku shata imefungwa kwa nje. Shata ya aina hiyo hatuitengenezi tena kama tunajua kuna mtu atalala ndani. Vichochoro navyo vikijaa meza na maturubai, gari la zimamoto linaishia barabarani. Na tuseme ukweli kuhusu kazi yetu pia: cheche za kuchomelea zinaruka hata mita 10 na zinaweza kujificha kwenye gunia la nguo. Tukifanya kazi sokoni tunasogeza mzigo, tunaweka ndoo ya maji na mchanga, na baada ya kuzima mashine tunakaa saa nzima tukinusa. Fundi anayekusanya vifaa na kukimbia, usimlipe kwanza.

Moto ukianza, piga kelele, toka, funga mlango nyuma yako, inama chini ya moshi. Ukiwa nje piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Polisi ni 112. Usiseme tu "kuna moto Buguruni". Taja mtaa, msikiti, shule au kituo cha daladala kilicho karibu, sema kinachoungua na kama kuna watu ndani, na usikate simu kabla hawajamaliza kukuuliza. Kisha mtume kijana asimame barabara kubwa awaongoze, maana vibao vya mitaa yetu mnavijua. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kama inafikika, na maji yasimwagwe kabla haujazimwa.

Ukitaka tukupigie hesabu ya kilango, tutumie picha mbili za dirisha: moja kutoka ndani kioo kikiwa wazi, nyingine kutoka nje ikionyesha mtu akiruka atatua wapi. Andika upana, urefu na kimo kutoka sakafuni. Dirisha moja lenye grili tayari huchukua nusu siku, na siku hiyo toa pazia na godoro kabla hatujawasha grinda.