Macho ya njano leo, juisi ya mwezi uliopita: chanjo ya homa ya ini A kwa mtoto

Wazazi wetu wa Nyakato, Igoma, Buzuruga hapa Mwanza na kote mnakotufuata, wiki hizi simu ya zahanati inaita sana na swali ni lile lile, macho ya mtoto yamekuwa ya njano, je kuna chanjo? Chanjo ipo, lakini kuna jambo la siku na tarehe ambalo usipolielewa utalipia chanjo ukiwa umechelewa, au utakaa nyumbani ukidhani umechelewa kumbe bado. Nitaelezea kupitia familia moja iliyokuja kwetu, majina nayaacha.

Mama alikuja Jumamosi tarehe 29 Machi na binti yake wa miaka 14. Binti alikuwa mchovu wiki nzima, chakula hakitaki, hata harufu ya sato wa kukaanga inamtapisha. Walipima malaria hakuna, wakapewa dawa za yutiai huko walikopita kwa sababu mkojo ulikuwa mweusi. Sisi tulimtoa mlangoni kwenye mwanga wa jua tukamwambia aangalie chini tukamvuta kope ya juu taratibu, sehemu nyeupe ya jicho ilikuwa njano kabisa. Hili naomba mlishike, ndani kwenye taa za umeme njano ya mwanzo inajificha, mtoe mtoto nje mchana. Na mkojo wake haukuwa mweusi wa kiu, ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea, huku choo kikubwa kimepauka kama udongo. Ukiona hivyo viwili kwa pamoja, ini ndio la kuchunguza.

Mama akasema ni maji ya bomba ya wiki iliyopita, yalitoka na tope baada ya mgao, na tayari ameshanunua katoni za maji ya chupa. Nikamuuliza, mwezi uliopita mlikula wapi nje ya nyumbani? Akafikiria sana. Sendoff ya mtoto wa dada yake, Jumamosi tarehe 1 Machi.

Sasa hapo ndipo penyewe. Kirusi cha homa ya ini A kikiingia mdomoni hakikuumizi kesho yake kama chakula kilichochacha, kinakaa kwenye ini kimya kimya siku 15 mpaka 50, mara nyingi karibu siku 28. Kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 28 ambapo binti aliamka na macho ya njano ni siku 27. Mama alipopiga simu kwa ndugu pale pale mbele yangu ikajulikana kuna watu wazima wawili na kijana mmoja walioumwa vile vile kati ya tarehe 25 na siku ile, wote walikuwa kwenye ile sherehe, na hawakai mtaa mmoja, kwahiyo bomba la mtaani kwa mama halikuhusika. Halafu ikaja habari ya kijana aliyekuwa anasaga juisi ya embe na kukata kachumbari siku ile, yeye aligeuka njano tarehe 9 Machi, siku nane tu baada ya sherehe. Yaani yeye hakuambukizwa pale, yeye alikuja nacho. Mgonjwa wa homa hii anatoa virusi vingi zaidi kwenye choo chake wiki moja mbili KABLA macho hayajabadilika, wakati anajiona mzima, anafanya kazi, anashika vikombe. Akitoka chooni asiponawa vizuri kwa sabuni halafu akatia mkono kwenye kitu ambacho hakitapikwa tena, basi. Juisi haichemshwi, kachumbari haipikwi, na barafu haiui kitu, kirusi hiki kinavumilia baridi. Wali na nyama ya siku ile viliiva, hivyo havikuwa na shida, labda kama viliguswa baada ya kuiva.

Ndio maana milipuko ya macho ya njano inakuja kwa mkupuo, watu wamekula kitu kimoja siku moja, wanalala nacho wiki nne, wanaamka njano ndani ya siku chache za kufuatana, na wakati huo jagi lilishaoshwa zamani hakuna anayelikumbuka. Kwenye maji ni hivyo hivyo ila inasambaa zaidi. Mji wetu mnaujua, vilimani kule kwenye mawe shimo la choo halichimbiki likaenda chini, mvua ikipiga vinavuja, na wapo wanaosubiri mvua ndio wafungulie choo, yote yanateremka kwenye mitaro, Mto Mirongo, mpaka ziwani. Bomba lililotoboka likipitia kwenye mtaro huo, maji yakiwa yanatoka kwa presha hakuna shida kubwa, lakini mgao ukianza presha ikashuka bomba linaanza kunyonya kilichopo nje. Maji yanaweza kuwa meupe pee na kirusi kimo. Kuchemsha mpaka yatokote kwa dakika moja kunakimaliza, na dawa ya klorini ukiiweka kwa kipimo na kusubiri muda ulioandikwa nayo inasaidia, ila kwa maji yenye tope chuja kwanza.

Turudi kwa mama. Akauliza, "Daktari, lakini huyu si alichanjwa zile zote za klinik? Na homa ya manjano alichomwa tulipotaka kusafiri." Maswali mawili mazuri kwa sababu watu wengi wanachanganya. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa unaoenezwa na mbu. Na ile chanjo ya klinik ya wiki ya 6, 10 na 14 inayoitwa penta ina kinga ya homa ya ini B, inayoenda kwa damu na majimaji ya mwili, A haimo. Chanjo ya A haipo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto hapa kwetu, ni ya kulipia. Hata vipimo ni hivyo, mtu akipima B akaambiwa hana anadhani maswali yote ya ini yameisha, hapana, A ina kipimo chake.

Kwa binti mwenyewe chanjo isingefanya chochote, ugonjwa umeshatoka. Hauna dawa ya kuua kirusi na antibayotiki hazina kazi hapo, tulimpa ushauri wa kupumzika, vinywaji, chakula kidogo kidogo, na mama tukamuomba sana asimpe mitishamba wala panadol za kujipimia kwa sababu ini lililochoka ndilo linalobeba hizo. Wengi wanapona wenyewe kabisa ndani ya wiki kadhaa. Ila mtoto akianza kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kawaida, kutoka damu au kutapika kila kitu, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo. Na kwa sisi wa kanda ya ziwa, tafadhali usijitangazie homa ya ini mwenyewe, seli mundu ni nyingi huku na inafanya macho njano, malaria kali pia, kwahiyo pima kwanza.

Aliyetupa kazi siku ile ni mdogo wake, dogo wa miaka minne aliyekuja amebebwa mgongoni. Sendoff hakwenda, alikuwa kwa bibi Magu, karudi nyumbani tarehe 23 Machi na tangu hapo analala kitanda kimoja na dada yake na kula naye sahani moja. Hesabu ikawa siku 6. Chanjo hii ikitolewa ndani ya siku 14 tangu mtu akutane na kirusi inaweza bado kuwahi, mwili ukatengeneza kinga kabla kirusi hakijashika ini. Tukamchanja siku ile ile. Kama angekuwa amekunywa ile juisi ya tarehe 1 ningemwambia mama ukweli kwamba kwa juisi ile tumeshachelewa.

Mama alisita kidogo, amesikia watoto wadogo hawaumwi. Ni kweli, chini ya miaka 6 wengi hawaonyeshi dalili yoyote, njano hata mmoja kati ya kumi hafiki, na wakishapata wana kinga ya maisha. Lakini mtoto huyo mzima wa afya anatoa virusi chooni vile vile, na anayemtawaza ni mama, dada wa kazi au bibi. Mkubwa asiye na kinga ndiye anayelala kitandani wiki tatu. Na kuna hili la pili linalonigusa zaidi: mtoto wetu wa siku hizi aliyelelewa kwa maji ya kuchemsha na choo cha kuflashi anafika miaka 13 hajawahi kukutana na kirusi, anaenda bweni, anakunywa maji ya tanki moja na wenzake mia nne, anakipata katika umri ambao wengi wanageuka njano kweli kweli. Ndio huyo hasa ambaye sisi tunashauri achanjwe kabla ya bweni, angalau mwezi mmoja kabla. Kwa mtoto mkubwa aliyekulia mazingira magumu tunaweza kuanza na kipimo cha damu cha kinga, ukikuta anayo hela yako inabaki mfukoni. Akichanjwa huku anayo haimdhuru.

Chanjo inaanza mtoto akitimiza mwaka mmoja. Dozi ya watoto ni nusu mililita, inachomwa msulini, paja kwa wadogo na bega kwa wakubwa, kisha ya pili baada ya miezi 6 mpaka 12. Ukichelewa ya pili hatuanzi upya, tunaendelea tu. Maumivu kidogo pale ilipochomwa, homa nyepesi au kukosa hamu ya kula siku moja mbili ni kawaida. Haikingi taifodi wala kipindupindu, na wala haikingi homa ya ini E ambayo nayo inapita kwenye maji, kwahiyo sufuria ya kuchemshia maji isiende stoo.

Uliza pia friji, popote utakapochanjia. Chanjo hii inakaa nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda mara moja imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana sawa. Ikiwa imetulia utaona unga mweupe chini na maji maji juu, muuguzi akitikisa inakuwa nyeupe yote kama maji ya mchele. Kwetu kipimajoto kipo mlangoni mwa friji, tunaandika mara mbili kwa siku, umeme ukikatika muda mrefu tunahamishia kwenye kisanduku cha baridi. Omba kukiona, hatukasiriki.

Ukija njoo na kadi ya klinik, na kama kuna mtu njano nyumbani andika kwenye karatasi tarehe macho yalipobadilika na tarehe mtoto alipoanza kukaa naye, hizo mbili ndizo tutakazouliza kwanza. Dogo wa miaka minne dozi yake ya pili ni mwisho wa Septemba, mama ameshaiandika nyuma ya kadi kwa kalamu nyekundu.